Mimba za utotoni: bibliografia yenye ufafanuzi

Somo: Afya ya Jamii, maandalizi ya insha ya mwisho wa muhula

Swali ninalolifuatilia ni hili: madhara ya mimba katika umri wa miaka 10 hadi 19 yanatokana na umri wenyewe kwa kiasi gani, na kwa kiasi gani yanatokana na umaskini na kukatishwa masomo? Jibu ndilo linaloamua kama fedha za kinga zielekezwe zahanati, darasani au kwenye kaya. Ndiyo maana nimevipanga vyanzo kwa mtiririko wa hoja, si kwa alfabeti.

Ganchimeg na wenzake (2014), jarida la BJOG. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika vituo vya afya 359 vya nchi 29, ukilinganisha akina mama wa miaka 10 hadi 19 na wale wa miaka 20 hadi 24. Vijana walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kifafa cha mimba na maambukizi baada ya kujifungua, na watoto wao walizaliwa njiti au na uzito pungufu mara nyingi zaidi. Ukubwa wa sampuli ni nguvu yake. Hata hivyo, waliohesabiwa ni waliofika kituoni. Binti aliyejifungulia nyumbani hayumo, na huenda ndiye aliyekuwa hatarini kuliko wote. Nitautumia kuthibitisha kwamba umri una uzito wake kitabibu.

Nove na wenzake (2014), Lancet Global Health. Hiki kimenilazimu kupunguza ukali wa rasimu yangu. Kwa takwimu za nchi 144, vifo vya uzazi kwa wenye miaka 15 hadi 19 vilikadiriwa kuwa 260 kwa kila vizazi hai 100,000, dhidi ya 190 kwa wenye miaka 20 hadi 24. Tofauti ipo, lakini ni ndogo kuliko ilivyozoeleka kudaiwa, na hatari kubwa zaidi iko kwa wanawake waliovuka miaka 30. Mipaka ya makadirio ya makundi hayo mawili ya vijana inaingiliana, kwa hiyo sitaziandika namba hizi bila kulitaja hilo. Kutia chumvi hakuwasaidii mabinti hawa.

Geronimus na Korenman (1992), Quarterly Journal of Economics. Ni cha zamani na ni cha Marekani, lakini mbinu yake ni ya thamani: kinalinganisha ndugu wa kike waliokulia nyumba moja, mmoja akiwa amezaa mapema na mwenzake baadaye. Pengo la kiuchumi linaloonekana kwa walinganishwa wasio ndugu linapungua, na katika moja ya seti tatu za data linapungua sana. Sehemu ya tunachokiita athari ya mimba ilikuwapo kabla ya mimba.

Baird, McIntosh na Özler (2011), Quarterly Journal of Economics. Jaribio la nasibu wilayani Zomba, Malawi. Kundi moja la mabinti lilipewa fedha kwa sharti la kuhudhuria shule, jingine bila sharti lolote. Sharti lilisaidia zaidi mahudhurio na ufaulu. Lakini mimba na ndoa zilipungua zaidi kwa wasiowekewa sharti, na upungufu huo ulitoka kwa wale walioacha shule. Hapa ndipo moyo wa insha yangu ulipo: sharti linamnyima msaada yule yule aliyeanguka, wakati anapouhitaji kuliko wenzake. Nitakijadili kwa kirefu.

Duflo, Dupas na Kremer (2015), American Economic Review. Ufuatiliaji wa miaka saba magharibi mwa Kenya. Sare za bure zilipunguza utoro wa kudumu, mimba na ndoa, ila si magonjwa ya zinaa. Mtaala wa Ukimwi uliosisitiza kujizuia hadi ndoa haukupunguza mimba wala magonjwa hayo. Kisomwe pamoja na kinachofuata.

Dupas (2011), American Economic Journal: Applied Economics. Nchini Kenya pia. Wanafunzi walipoelezwa kwamba wanaume watu wazima wana viwango vikubwa zaidi vya maambukizi ya VVU kuliko wavulana wa rika lao, mimba zilipungua kwa asilimia 28. Taarifa mahususi ilifanya kazi pale katazo la jumla lilipokwama.

Oringanje na wenzake (2016), Maktaba ya Cochrane. Mapitio ya kimfumo ya majaribio 53. Elimu ikiunganishwa na uhamasishaji wa njia za uzazi wa mpango hupunguza mimba zisizotarajiwa. Ushahidi wa hatua moja moja ni dhaifu zaidi. Majaribio mengi yalifanyika Marekani, kwa hiyo nitakitumia kuunga mkono mchanganyiko wa hatua, na kwa suala la fedha na shule nitawategemea Baird na Duflo.