Barua kwa Shangazi, kuhusu yale maji ya kaburini

Shangazi yangu mpenzi, shikamoo.

Naandika kwa sababu kwenye simu nilishindwa. Uliponiuliza kama siku hizi naabudu mizimu, koo lilinikauka nikakata. Unisamehe. Aliyenifundisha Baba Yetu ni wewe, ndiyo maana neno lile lilinichoma.

Ulichoambiwa ni kweli. Nilitoka misa ya kwanza nikapitiliza hadi kaburini kwa Babu. Niling'oa magugu, nikasugua msalaba ulioota ukungu mpaka jina likasomeka, kisha nikamimina maji kidogo ardhini na kuwataja: Babu, baba yake, babu yake, hadi pale ninapoishia kuwajua. Nikasema asanteni. Halafu nikapiga magoti: "Raha ya milele uwape, ee Bwana." Kwao nilitoa shukrani, ombi nililipeleka kwa Mungu, niwaombee wao.

Mpaka wangu uko hapo, Shangazi. Kumbukumbu la Torati 18 inakataza kuwauliza wafu, nami siwaulizi. Nilipougua mwaka jana, ndugu walitaka nipelekwe kwa mganga apige ramli, tujue nani kati ya waliolala amekasirika. Nilikataa, wakaninunia miezi. Kumbe huku naitwa mlokole, na kwako naitwa mpagani! Iliniuma kotekote.

Lakini kuwasahau siwezi, wala sioni Biblia ikinituma niwasahau. Yusufu aliwaapisha ndugu zake waipandishe mifupa yake kutoka Misri. Fikiria usiku ule wa kutoka: watu wanaharakishwa, unga umebebwa mabegani haujatiwa hata chachu, na bado Musa anaichukua mifupa ya mzee aliyekufa zamani. Huwa nasoma Kutoka 13:19 polepole sana.

Hata Kanisa letu limepitia mahali hapa. Mwaka 1742 Papa Benedikto wa 14 aliwakataza kabisa Wakatoliki wa China zile ibada za kuwaheshimu wahenga wao. Mwaka 1939, chini ya Pio wa 12, Roma ikaruhusu wawape heshima hiyo. Ni karibu miaka 200 watu wakilazimishwa kuchagua kati ya ubatizo na wazazi wao. Nikikumbuka hilo huwahurumia, na hujihurumia.

Sikufichi: kuna siku mkono husita kabla sijamimina. Nikisita hivyo naliacha lile bakuli, naomba kwanza, na nisipopata amani narudi nayo maji nyumbani.

Tarehe 2 Novemba ni Siku ya Marehemu Wote. Njoo tusali pamoja, kisha twende kaburini. Maji usipotaka sitayagusa. Ila uje na majina ya upande wa Bibi. Mimi naishia kwa mama yake tu, na aliyebaki anayeyajua yote ni wewe. Nitakuja na daftari.

Mwanao akupendaye,
Neema