Usaili wa Sebuleni

"Toka nje, bisha hodi, uingie upya."

Hamza akatoka. Mzee Kombo akasukuma magongo yake chini ya meza yasionekane, akavaa miwani, akaifungua ile bahasha ya kaki yenye vyeti.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, baba."

"Baba yako amelala. Mimi ni meneja wa ghala la mkonge, na huyu," akamwonyesha mkewe aliyekuwa akipiga shati pasi, "ni afisa utumishi."

"Marahaba," mama akaitikia, akijizuia kucheka.

"Jieleze."

"Naitwa Hamza Kombo, nina stashahada ya ununuzi na ugavi. Ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi kwenye presha..."

"Presha ninayo mimi, na vidonge vyake ninavyo. Hayo watayasikia kwa kila atakayeingia. Leja inasema kuna robota 120 za mkonge. Umehesabu, umepata 118. Unafanyaje?"

Hamza akasahau alichokariri. "Nahesabu tena, na mtu mwingine pembeni. Kisha napitia hati za kutolea mzigo, huenda kuna gari limepakia halikuandikwa. Nikikosa, naandika taarifa kwa msimamizi."

"Na msimamizi akikwambia, kijana, futa hapo andika 118, mambo yaishe?"

Kimya. Pasi ikasita juu ya kola.

"Namwomba aniandikie agizo hilo kwa mkono wake."

Mzee akamtazama juu ya miwani. "Hilo mmefundishwa chuoni?"

"Nilikusikia ukimsimulia mjomba."

Mzee akakohoa, akageuza karatasi ambazo hazikuwa na haja ya kugeuzwa. Swali lililobaki alikuwa amelikwepa tangu walipoanza, na alijua wenzake wa kesho hawatalikwepa.

"Umemaliza chuo mwaka jana. Mwaka mzima ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa... natafuta kazi."

"Mwongo."

"Baba!"

"Meneja. Uongo wa kwanza ndio huo, na ghala utapewa?"

Hamza akainamisha kichwa. "Baba yangu aliangukiwa na robota, akavunjika nyonga. Nilikaa nyumbani kumuuguza. Asubuhi kumwogesha na kumpeleka kliniki, jioni kumsaidia mama hesabu za duka."

Mama akaiweka pasi pembeni.

"Sema hivyo hivyo," mzee akasema, sauti ikikwaruza. "Lakini kuogeshwa kwangu kuache. Watu wazima wale, wengine nimefanya nao kazi. Waambie umemuuguza mzazi na umeendesha vitabu vya duka. Duka lilipata hasara?"

"Hata shilingi."

"Mbona hilo hukulitaja kwenye kujieleza?"

"Nilidhani duka la mama si kazi."

"Eti nini?" mama akauliza, na safari hii hakucheka.

"Umemsikia afisa utumishi," mzee akasema. "Toka, bisha hodi tena. Na ukifika kwenye habari za baba yako nitazame usoni, usitazame magongo."