Mbuzi Anaitwa Sitaki

"Mbuzi wako anaitwa nani?"
"Sitaki."
"Hutaki kuniambia?"
"Nataka! Anaitwa Sitaki."

Kila Zuhura akikutana na mgeni njiani, mazungumzo huanza hivyo. Zuhura ana miaka saba na anaishi na bibi yake kwenye milima ya Usambara, upande wa Lushoto, kule ambako shamba la kabichi la mtu mmoja liko juu ya paa la jirani yake, na barabara hupinda mpaka dereva akakaribia kuona mgongo wa basi lake mwenyewe.

Na Sitaki? Ni beberu mweupe mwenye doa jeusi kwenye jicho moja. Ukimvuta mbele, anarudi nyuma. Ukimsukuma, anajilaza. Ukimbembeleza kwa maganda ya ndizi, anayala yote, anajilamba, halafu anajilaza.

Bibi amevumilia mengi. Amevumilia mchicha, amevumilia ufagio. Lakini juzi Sitaki ametafuna kanga yake mpya, tena pale penye maandishi. Kanga ilisema *Subira yavuta heri*. Sasa inasema *Subira yavuta*.

"Mjukuu wangu," Bibi akasema, mikono kiunoni, "Jumamosi huyu anakwenda gulioni."

Kutoka nyumbani hadi gulioni ni mwendo wa saa moja. Jua limeshafika utosini, na Zuhura na mbuzi wake hawajavuka hata kijito cha kwanza, kwa sababu kuna mtu hapa hataki kulowesha kwato. Mama muuza karoti anajaribu kusaidia. Kondakta wa basi anajaribu. Watoto watano waliotoka kuchota maji wanajaribu wote kwa pamoja, na ndoo zao zinajua yaliyowapata. Lakini itazame vizuri picha ya ukurasa wa 14. Iangalie ile kamba. Mbona imelegea? Nani hasa hataki kufika gulioni?

Hadithi ya kusomwa kwa sauti, kwa watoto wa miaka 4 hadi 8. Neno "Sitaki!" limeandikwa kwa herufi kubwa kila linapotokea ili mtoto alipaze mwenyewe, hata yule ambaye bado hajui kusoma. (Mzazi, utalisikia tena wakati wa kuoga. Utusamehe.) Msomaji anayeanza kuunganisha silabi atakuta sentensi fupi na maneno ya nyumbani kwake: kamba, ndoo, kwato, kijito. Na kwa wenye macho makali, kinyonga mmoja wa Usambara amejificha katika kila picha. Kwenye ukurasa wa gulio wako wawili.

Kurasa 32, picha za rangi.

Ile kona ya chini ya jalada hili iliyokatika? Si kosa la mchapaji. Tulimwachia Sitaki kitabu dakika moja tu.