Mwaliko: Karibu Nyumbani, Shangazi Rehema

Ndugu, jamaa na marafiki,

Sisi watoto na wajukuu wa marehemu Mzee Juma tunawaalika kwa furaha kubwa kumpokea Shangazi Rehema, anayerejea kuishi nasi baada ya miaka 23 ughaibuni.

Siku: Jumamosi, tarehe 19 Desemba 2026
Mahali: nyumbani kwa Baba Mkubwa
Muda: saa 8:00 mchana hadi saa 12:00 jioni

Shangazi aliondoka mwaka 2003 kwenda masomoni, kazi ikambakiza hukohuko. Wapo watoto wa ukoo huu wanaomjua kwa sauti ya simu tu. Baba na mama yake wamezikwa yeye akiwa mbali, hakupata hata kutia udongo kaburini. Kwa hiyo siku hii ni ya shangwe, na pia ni ya kumpa pole ambayo hajawahi kupewa ana kwa ana.

RATIBA

Saa 8:00 – Wageni kuwasili na kuketi.

Saa 8:30 – Sala na neno la ukaribisho: Baba Mkubwa.

Saa 8:45 – Kuwakumbuka waliotangulia mbele ya haki. Mama Mdogo atasoma majina ya wote waliofariki tangu mwaka 2003. Shangazi atakaa katikati ya ndugu zake. Tafadhali, hapa pasipigwe picha wala video.

Saa 9:15 – Utambulisho. Vijana na watoto waliozaliwa yeye akiwa hayupo watatangulia. Kila mmoja ataje jina lake na la mzazi wake, kisha amsalimie kwa mkono. Tumetenga saa nzima kwa sababu hili ndilo analolingojea zaidi, wala hatutamharakisha mtu.

Saa 10:15 – Chakula.

Saa 11:00 – Neno la Shangazi, akijisikia kuzungumza. Asipojaliwa, tutaimba.

Saa 11:20 – Shukrani kutoka kwa Mjomba, picha ya pamoja, kisha muziki hadi kufunga.

Mshereheshaji: Binamu Neema.

MAOMBI YETU

Atawasili Jumatano tarehe 16, amechoka na safari ndefu. Tunaomba aachwe apumzike hadi Jumamosi; wazee tu ndio watakaomwona kabla.

Asiulizwe amemletea nani nini. Alisomesha wengi wetu akiwa huko, na mzigo aliokuja nao ni wake.

Mwenye picha za zamani za familia aje nazo, hasa za Babu na Bibi. Zitabandikwa ukutani, na nakala atapewa Shangazi.

Hakuna mchango, wajukuu tumeshagharamia yote.

Thibitisheni idadi yenu kwa Binamu Neema kabla ya Jumapili tarehe 13 Desemba, mkitaja watoto na wazee wanaohitaji usafiri.

Karibuni sana.

Wajukuu, kwa niaba ya familia