Samari ya deki ya Ilula: ya wafadhili, ya timu na ya wateja

Wakuu habari za jioni, samari ya deki ya vyumba vyetu vya baridi ndo hii, nimeitoa kwenye slaidi zote 14 nikaandika tatu. Namba ni zilezile kote, kinachobadilika ni kipi kinatangulia na lugha basi. Hasara sijawaficha wateja na ishu ya kompresa sijawaficha wafadhili, maana mtu wa mfadhili akija hapa anaanza kupiga stori na wakulima barabarani kabla hajafika ofisini, wakigundua kila mtu ana hadithi yake tumekwisha. Na ile asilimia 61 ya vyumba kujaa naomba ibaki 61, kuna mwenzetu anataka tuwaandikie wafadhili "karibu theluthi mbili", theluthi mbili ni 66 na kitu, hiyo siyo yetu.

YA WAFADHILI

Mwaka 2024 vyumba vyetu 2 vya baridi vya sola, kila kimoja kreti 400, vilijaa kwa wastani wa asilimia 61. Mapato shilingi milioni 89, matumizi milioni 97, tumepungukiwa milioni 8. Ili kuziba pengo, bei ya kreti kwa siku inatoka 500 kwenda 600 kuanzia 1 Julai 2025. Kwa kreti zilezile za mwaka jana bei hiyo ingeleta milioni 107, ila hatuahidi kwamba wateja wote watabaki. Novemba 2024 kompresa ya chumba cha pili ilikufa usiku, kreti 38 zikaharibika na wenyewe wote wamelipwa. Wafanyakazi ni 6, hapunguzwi mtu, mishahara mwaka huu haipandi. Chumba cha tatu ni milioni 120, pesa hiyo hatuna, na ujenzi hauanzi mpaka ipatikane. Vyumba vinakaa nyuzi 12 kwa sababu nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 inagoma kuiva vizuri.

YA TIMU

Jamani tuanze na mnachotaka kujua. Tuko 6 na hapunguzwi mtu, ila mishahara mwaka huu haipandi, na sababu ni kwamba 2024 tumeingiza milioni 89 tukatumia milioni 97, yaani milioni 8 hazipo. Bei inapanda 1 Julai 2025, kutoka 500 hadi 600 kwa kreti kwa siku, nyie wa mlangoni ndo mtakaopokea maneno ya watu kwa hiyo msishangazwe. Kwa kreti za mwaka jana ingekuwa milioni 107, lakini wote wakibaki, na hilo hakuna anayeweza kuliahidi. Vyumba vyote 2, kreti 400 kila kimoja, vimejaa asilimia 61 kwa wastani. Novemba 2024 kompresa ya chumba cha pili ilikufa usiku, kreti 38 zikaenda, tumewalipa wote. Nyuzi ni 12, msishushe hata mteja akibembeleza, nyanya mbichi ikikaa siku kadhaa chini ya 10 haiivi vizuri na lawama zinarudi kwetu. Chumba cha tatu ni milioni 120, hatuna, tukipata ndo tunajenga, kwa hiyo msimwambie mtu kinakuja lini.

YA WATEJA (ibandikwe mlangoni, na isomwe kwa sauti siku ya soko)

Wakulima na wachuuzi wetu, kuanzia 1 Julai 2025 kreti moja kwa siku ni shilingi 600, sasa hivi ni 500. Mwaka 2024 vyumba viliingiza milioni 89 vikala milioni 97, milioni 8 zimepelea. Mkiendelea kuleta kreti kama mwaka jana tungepata milioni 107, lakini kuleta ni hiari yenu na hatuwezi kuahidi kwa niaba yenu. Novemba 2024 kompresa ya chumba cha pili ilikufa usiku, kreti 38 zikaharibika, na kila mwenye kreti kalipwa. Nafasi bado ipo: vyumba 2, kreti 400 kila kimoja, mwaka jana vilijaa asilimia 61 kwa wastani. Tunaweka nyuzi 12, msitudai baridi zaidi, nyanya ambayo haijaiva ikikaa siku kadhaa chini ya nyuzi 10 haiivi vizuri. Wahudumu ni walewale 6, hapunguzwi mtu na mishahara yao mwaka huu haijapanda, kwa hiyo hiyo mia siyo yao. Chumba cha tatu mnachouliza kila siku kinataka milioni 120, hatuna bado, tukipata ndipo tutajenga.

Najua kuna watakaosema mishahara inawahusu nini wateja. Nimeiacha makusudi, bei ikipanda swali la kwanza sokoni huwa ni nani anakula hiyo nyongeza. Mhasibu nakuomba uangalie milioni 97 kwenye slaidi ya 9 kama mafuta ya jenereta ya Novemba yamo, ukibadilisha hapo nibadilishie kote tatu kwa pamoja, nataka kuprinti Alhamisi asubuhi.