Zipu ya Mama Rehema

Mama Rehema aliingia bila hodi, akautupa mfuko juu ya meza ya kukatia.

"Nataka pesa zangu. Elfu thelathini na tano za ufundi na arobaini za kitambaa. Leo hii."

Zuhura alikuwa anatia vifungo. Cherehani alishaizoea, watu ndio waliokuwa wakimshinda. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yaleyale yaliyobandikwa kwenye maduka mengi hapo Ngamiani: mali ikishauzwa hairudishwi. Bi Mwanaidi akamuwahi.

"Karibu, mama. Kaa kwanza. Zuhura, mletee mama maji."

"Sikuja kunywa maji."

"Najua. Yakae tu hapo karibu."

Mama Rehema akaeleza akiwa amesimama. Ukumbini, alipoinama kumtunza bibi harusi, zipu ikaachia kutoka kiunoni hadi mgongoni. Wifi yake akamfunika mtandio, lakini watu walishaona, na wengine walicheka. Aliposema wifi yake alicheka pia, sauti ikamkatika, akaketi. Bi Mwanaidi hakumkatiza, hata pale alipoitwa tapeli. Aliuliza jambo moja tu.

"Iliachia ulipokuwa unaifunga, au ulipoinama?"

"Nilipoinama."

Bi Mwanaidi akaligeuza gauni ndani nje. Zuhura akaona poda kwenye shingo ya nguo, na harufu ya udi ikampiga puani. Nguo imevaliwa sherehe nzima, halafu mtu anadai pesa yote!

"Lakini mama, hili si umeshali..."

"Zuhura, nipe daftari."

Daftari lilisema nyonga 44. Futikamba ikazungushwa kwenye gauni: 44 na nusu. Bi Mwanaidi akapima tena, taratibu, mbele ya mwenye nguo.

"Satini haivutiki. Ilitakiwa tuache inchi mbili za kupumulia, tumeacha nusu. Ukisimama inakukaa vizuri, ukiinama zipu ndiyo inabeba mzigo wote. Nimekata mimi mwenyewe, na nimekosea. Pole sana, mama."

Mama Rehema alikuja amejiandaa kwa ugomvi. Sasa akayafikia yale maji.

"Ufundi nitakurudishia wote," Bi Mwanaidi akaendelea. "Kitambaa sitakilipa, kwa sababu ni kizima, na ndani kuna inchi moja ya ziada kila upande. Hata fundi mwingine anaweza kukifanyia kazi. Ila nikuulize, upande wa bwana harusi wanafanya sherehe lini?"

"Jumamosi."

"Utavaa nini?"

Kimya. Hilo ndilo lililokuwa likimchoma tangu alipoingia.

Bi Mwanaidi akafungua droo iliyokuwa na pesa za kodi ya fremu. Zuhura alijua, kwa kuwa walizihesabu pamoja asubuhi. Akatoa elfu thelathini na tano, akazitia kwenye bahasha na kuandika jina juu yake. Kiasi kikaingia daftarini, wote wawili wakasaini.

"Ijumaa saa kumi njoo ujaribu. Usipoliridhia, bahasha ni yako na gauni ni lako."

Alipotoka, Zuhura hakuweza kujizuia. "Bi, gauni amelivaa! Kuna poda shingoni."

"Niliiona. Hebu niambie, zipu ingeachia vipi nguo ikining'inia kabatini?"

Zuhura akakosa jibu.

"Na kama angekuja na kitambaa alichokichoma kwa pasi mwenyewe, ningemrudishia?"

"Hapana."

"Ningemkatalia, na maji angekunywa vilevile. Haya, fumua hizo pande mbili. Zipu tafuta ya nguvu zaidi, ile nyembamba usiirudishe."

Ijumaa Mama Rehema alijaribu gauni nyuma ya pazia. Zuhura akamwomba aketi, ainame, kisha anyooshe mikono kama anayetunza. Zipu ilitulia. Mikono ilipopanda, uso ukakunjamana.

"Kwapani bado panabana."

Zuhura akamtazama Bi Mwanaidi. Bi Mwanaidi alikuwa ameinamia cherehani na wala hakuinua kichwa.

Zuhura akaenda kwenye droo, akaleta bahasha, akaiweka mkononi mwa Mama Rehema kabla hajasema neno.

"Hii ni yako, mama, ndivyo tulivyoandikiana. Ukiondoka nayo sasa hivi hatuna kinyongo. Ukinipa nusu saa, nafungua kwapa na kuongeza kipande. Kitambaa kilichobaki ninacho. Ukitaka, kaa hapa uone ninavyofanya."

Mama Rehema akaifungua bahasha, akazihesabu noti zote, akaifunga tena na kuishikilia mapajani.

"Nusu saa," akasema. "Na hayo maji yenu leo niletee ya baridi."