Neno la Jumamosi: "Mbona Mwanangu?"

*(Kipindi cha redio, Mbeya. Wimbo wa kwaya unashuka taratibu.)*

MTANGAZAJI: Mugonile, ndugu zetu wa Rungwe na Busokelo. Kamwene, mlioko Njombe na Iringa. Baridi ya Juni imeshika, najua wengi mnatusikiliza mkiwa mmezunguka jiko la mkaa. Mchungaji, shikamoo.

MCHUNGAJI: Marahaba, binti yangu.

MTANGAZAJI: Leo tuna barua moja tu. Ameileta kijana wa gari la viazi, imeandikwa kwenye karatasi ya daftari. Mwenyewe ameomba tuisome yote.

"Mchungaji, shikamoo. Mimi ni mama wa huku Isyonje, nalima viazi. Kijana wangu wa pili alikuwa na miaka 22, akiendesha bodaboda na kuimba besi kwaya ya vijana. Mwezi uliopita, usiku, mke wa jirani alishikwa na uchungu. Mwanangu akaamka akampeleka zahanati, wala hakuchukua nauli. Kurudi, ukungu ulikuwa mzito, akaligonga lori bovu lililoachwa barabarani bila hata tawi la kuonya. Mtoto wa jirani amezaliwa salama. Wangu nimemzika Alhamisi. Wanaokesha wakilewa pale senta wote wapo. Namuuliza Mungu, mbona mwanangu? Kila anayekuja ananiambia kazi ya Mungu haina makosa. Sasa nikisikia hodi nanyamaza. Viazi viko shambani, sina nguvu ya kuvitoa. Je, nimekufuru?"

*(Kimya, sekunde tano.)*

MCHUNGAJI: Mama, hujakufuru. Nalisema hilo kwanza kabla sijafungua Biblia.

Na kabla sijakujibu nina la kutubu. Hayo maneno, "kazi ya Mungu haina makosa", nimeyasema mimi kwenye misiba mingi kuliko ninayoweza kuhesabu. Niliyasema kwa nia njema. Halafu mke wangu akafariki, na mwenzangu katika utumishi akasimama chini ya turubai akaniambia maneno hayohayo. Nilihisi kama mtu ameniziba mdomo kwa kiganja. Ndipo nikaelewa nilichokuwa nikiwafanyia watu.

Matanga yale, mtu aliyenisaidia ni mzee mmoja jirani. Alikuja na gunia la mkaa mgongoni, akawasha moto, akakaa. Siku tatu. Hakunipa hata mstari mmoja. Usiku akiona moto unafifia, anaongeza mkaa.

MTANGAZAJI: Hakusema chochote?

MCHUNGAJI: Alisema "pole" alipofika, basi. Sasa fungua Ayubu, sura ya 2, mstari wa 13. Rafiki watatu wa Ayubu, Elifazi, Bildadi na Sofari, waliketi naye chini siku saba, mchana na usiku, na hakuna aliyenena naye neno, kwa kuwa waliona huzuni yake ni kubwa mno. Wiki hiyo walikuwa rafiki wa kweli. Waliharibu walipofungua midomo. Wakaanza kumtafutia sababu: lazima ulikosa mahali, Mungu hamwadhibu asiye na hatia, tubu yatakwisha. Na msomaji anajua tangu mstari wa kwanza kwamba Ayubu alikuwa mkamilifu na mwelekevu.

Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia akina nani? Sura ya 42, mstari wa 7, anamwambia Elifazi: "hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu." Ayubu aliyeilaani siku aliyozaliwa, aliyemwambia Mungu hadharani kwamba anaonewa, ndiye aliyenena sawa! Waliokuwa wakimtetea Mungu ndio waliohitaji kuombewa, na Ayubu ndiye akawaombea.

MTANGAZAJI: Lakini Mchungaji, Ayubu aliambiwa sababu?

MCHUNGAJI: Hakuambiwa. Mungu alikuja, akasema naye maneno mengi, ila ile sababu hakumpa. Nami nisiyekuwepo Mungu alipoweka misingi ya nchi, nitaitoa wapi ya huyu mama? Simwambii kijana wake alichukuliwa kwa sababu alikuwa ua zuri. Simwambii kuna mpango. Lori liliachwa barabarani bila alama. Huo ni uzembe wa mtu, na tusimbandikie Mungu uzembe wetu.

Hapa niseme na wengine mnaonisikia, maana nazijua nyumba zetu huku. Swali la "kwa nini" halikai siku nyingi kabla halijageuka kuwa "nani". Nani kamfanyia? Tunaanza kumtazama bibi fulani mwenye macho mekundu, macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni alizopikia wajukuu miaka arobaini. Watu wameuawa nchini mwetu kwa swali hilo. Wanafunzi walipomwona kipofu tangu kuzaliwa, Yohana sura ya 9, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akakataa yote mawili. Na wale 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu, Luka 13, alisema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Atakayekuja kwako, mama, na jina la mchawi au na bei ya maombi, huyo usimfungulie mlango.

*(Anavuta pumzi.)*

Umeuliza mbona. Neno hilo liko msalabani. "Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?" Mathayo 27:46. Mwana mwenyewe aliuliza, akiwa hana kosa, na jioni ile hakujibiwa kwa sauti. Natumaini ufufuo, nimeuhubiri, juu yake ndipo nilipomlaza mke wangu. Ila Yesu huyohuyo aliyejua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini, alifika pale akalia machozi. Hakumwambia Mariamu anyamaze kwa kuwa mambo yatakuwa mazuri. Tumaini halikumzuia kulia, basi na wewe lisikuzuie.

Kama kuomba kumekushinda, soma Zaburi ya 88. Imeishia gizani, haina aleluya, na Mungu aliiacha ndani ya kitabu chake. Ukishindwa kusoma, wengine watasoma kwa niaba yako.

MTANGAZAJI: Mchungaji, muda unakimbia. Kuna neno kwa majirani?

MCHUNGAJI: Lipo. Kwanza kwa yule dada aliyejifungua. Nadhani unaogopa kwenda pale na mtoto, unaona kama uhai wa mwanao umelipiwa na nyumba ile. Hujaua mtu. Usiende leo. Mtume shangazi au mama mkwe akaulize kama mama atapenda kukuona, na akisema bado, mheshimu.

Pili, wanakwaya wenzake na kina baba wa Isyonje. Warumi 12:15 inasema lieni pamoja nao waliao. Viazi vya mama huyu viko ardhini na mwezi huu baridi inaweza kushusha barafu. Jumatatu nendeni na majembe na magunia yenu. Mkimkuta amefunga mlango, msigonge. Anzeni mstari wa chini, mpande juu. Akitoka, mwambieni pole. Mimi nitakuwepo saa mbili.

MTANGAZAJI: Tuombe.

MCHUNGAJI: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele? Hata lini utanificha uso wako?" Bwana, tunakuuliza pamoja na mama wa Isyonje. Amina.

*(Hakuna wimbo. Kimya, nusu dakika, kisha taarifa ya habari.)*